Tangazo la mshindani wako liko wazi: namna ya kulisoma bila kudanganyika

Ukitaka kujua maduka ya Biashara Street yanauza leso kwa bei gani, unapita tu. Unatazama kilichotundikwa mlangoni, unauliza bei kana kwamba unanunua, unashika kitambaa, unatoka. Wafanyabiashara wa Mombasa wamefanya hivyo miaka na miaka na hakuna anayeona haya. Lakini anayeuza kwa Facebook na Instagram kutoka Kisauni, Likoni au Changamwe hudhani njia hiyo hana. Matangazo ya washindani wake humfikia kwa bahati, moja leo, jingine kesho kutwa, na akitaka kulitazama tena haliopoi.

Kumbe mlango upo, tena wa bure, na hauhitaji hata uwe na akaunti. Unaitwa Ad Library, yaani maktaba ya matangazo, na anwani yake ni facebook.com/ads/library. Humo kuna kila tangazo la kulipia linaloendelea kuonyeshwa Facebook na Instagram, la kampuni kubwa na la mama anayelipia shilingi mia mbili kwa siku kusukuma picha ya madera.

Maktaba hii haikujengwa kwa ajili yetu wachuuzi. Ilitokana na kelele za siasa. Machi 2018 kituo cha Channel 4 cha Uingereza kilionyesha wakubwa wa Cambridge Analytica, walionaswa kwa kamera ya siri, wakijigamba jinsi walivyoendesha kampeni za urais hapa kwetu Kenya mwaka 2013 na 2017. Facebook ilikuwa tayari inabanwa kwa sababu ya uchaguzi wa Marekani wa 2016, na Mei 2018 ikaanza kuweka hadharani matangazo ya siasa. Machi 2019 ikapanua ghala hilo lijumuishe matangazo ya kila aina. Matangazo ya siasa hukaa humo miaka saba, pamoja na jina la aliyelipa na makadirio ya fedha alizotoa. Wanaopenda kufuatilia 2027 wayatazame. Leo mimi nataka tukae kwenye biashara.

Ukifungua ukurasa huo kwa simu, kwanza unachagua nchi, yaani Kenya, kisha aina ya tangazo, ambapo utachagua "All ads". Halafu unaandika jina la duka unalolijua, au neno ambalo muuzaji wa bidhaa yako lazima alitumie. Hapa wengi hukosea kwa kuandika neno moja la Kiingereza. Andika abaya, halafu andika buibui, halafu dera, halafu "delivery Mombasa". Kila neno huleta watu wengine kabisa. Usishangae kukuta maduka ya Dubai na ya Dar es Salaam, kwa sababu kuchagua Kenya maana yake ni tangazo lililoonyeshwa kwa watu walio Kenya, popote alipo mwenye duka. Na kwa tangazo la biashara la hapa kwetu, maktaba haikuambii kama lililenga Nyali au Kisumu. Hilo utalikisia kwa maneno yaliyomo tu.

Kila tangazo lina kadi yake. Juu imeandikwa "Active", maana yake bado linaendelea. Kuna "Library ID", ambayo ni namba ya tangazo. Kuna "Started running on" ikifuatwa na tarehe lilipoanza. Pengine utaona pia "3 ads use this creative and text", yaani picha ileile na maneno yaleyale yametumiwa kwenye matangazo matatu, mara nyingi kwa sababu mwenyewe anajaribu kuyapeleka kwa makundi tofauti ya watu. Chini kuna kitufe alichoweka, kama ni cha WhatsApp, cha kupiga simu au cha kwenda kwenye tovuti.

Sasa ile tarehe ndiyo yenye hazina, na ndiyo hiyohiyo inayopotosha watu.

Fikira ya msingi ni nyepesi. Hakuna mchuuzi anayependa kutoa pesa kila siku kwa tangazo lisilomletea oda. Kwa hivyo likikaa muda mrefu, huenda linauza. Hii ni dalili bora kuliko idadi ya laiki, kwa sababu laiki hutoka kwa watu waliopenda rangi ya nguo bila nia ya kununua. Lakini dalili ni dalili. Maktaba haionyeshi mauzo. Kwa matangazo ya biashara yanayoonyeshwa Kenya pekee haionyeshi pia kiasi cha pesa kilicholipwa wala idadi ya walioliona. Tangazo linaweza kuwa "Active" kwa miezi mitatu kwa sababu linauza sana, au kwa sababu mwenyewe ameliwekea bajeti ndogo akasahau. Tena tarehe ya kuanza haisemi kama katikati lilisimamishwa wiki tatu kisha likarudishwa.

Upande wa pili, tangazo lililopotea baada ya siku saba si lazima liwe limefeli. Wengi wetu hapa hatuendeshi matangazo kwa mpango, tunabonyeza tu kitufe cha "Boost" chini ya picha na kuchagua siku kadhaa. Siku zikiisha, tangazo hufa lenyewe, liwe limeuza au halikuuza. Kwa hivyo ukiona duka dogo ambalo kila kitu chake kinaishia siku ya tano au ya saba, usijifunze chochote kutokana na muda. Hapo unachoangalia ni kama amerudia picha ileile wiki iliyofuata. Akirudia mara tatu au nne, hilo ndilo linalomlipa.

Jambo jingine linalowapita watu ni kwamba tangazo la kawaida la biashara la hapa kwetu likizimwa, hutoweka kwenye maktaba. Leo unaona matangazo arobaini ya duka fulani, mwezi ujao unaona kumi, na huwezi kurudi kutazama yale thelathini yalikuwaje. Ndiyo maana kutembelea mara moja hakufai. Unahitaji kurudi, na unahitaji daftari.

Tuchukue mfano, wa kubuni lakini wa hesabu za kweli. Dada mmoja yuko Mtopanga, anauza abaya. Jumapili tarehe 3 Mei 2026 anafungua maktaba na kulitazama duka moja la Nairobi linalomchukulia wateja. Anakuta matangazo 46 yenye alama ya "Active". Akiwa na haraka ataiga lile la kwanza kwenye skrini, na litakuwa jipya la juzi ambalo hata mwenyewe hajui kama litauza. Badala yake anashuka chini hadi kwenye yale ya zamani. Anakuta matatu yaliyoanza tarehe 10 Februari. Mengine 43 yote yameanza ndani ya wiki mbili zilizopita.

Kutoka tarehe 10 Februari hadi 3 Mei ni siku 82. Hata kama yule wa Nairobi analipa shilingi 200 tu kwa siku kwa tangazo moja, amekwisha toa shilingi 16,400. Ni pesa ya kutosha kumfanya mtu afikiri. Lakini dada wa Mtopanga asisimamie hapo, kwa sababu Ramadhani ya 2026 ilianza katikati ya Februari na Idd ikaangukia wiki ya tatu ya Machi. Sote tunajua abaya inavyokwenda wiki za mwisho za mfungo, hata tangazo bovu litauza. Kwa hivyo siku zile za kabla ya Idd azitoe. Zinabaki siku 44 hivi, tangu Idd hadi Mei, wakati wateja wametulia na mifuko imekauka. Kama tangazo limevuka siku 44 za ukame, hapo pana jambo. Lingekuwa limeanza siku hiyohiyo na kuzimwa mwishoni mwa Machi, lingemwambia tu kwamba watu hununua nguo za Idd, na hilo hahitaji maktaba kuambiwa.

Anayapiga picha ya skrini yale matatu, na anaandika kwenye daftari namba ya kila moja, tarehe lilipoanza, ni picha au video, sentensi ya kwanza, bei, na kile anachoahidiwa mteja. Halafu anachagua kumi kati ya yale mapya na kuyaandika vilevile. Hayo kumi ndiyo yatakayomfundisha, kwa sababu atayaona yakifa.

Jumapili ya pili anarudi. Kati ya yale kumi, sita hayapo. Jumapili ya nne yamebaki mawili, na yale matatu ya Februari bado yapo. Sasa ana matano yaliyoishi na manane yaliyokufa, na anaweza kuyaweka upande kwa upande. Manane yaliyokufa yalikuwa mengi picha za studio, msichana amesimama mbele ya ukuta mweupe, juu yake maandishi ya punguzo la nusu bei. Matano yaliyoishi ni video zilizopigwa kwa simu, mtu ameshika abaya mkononi anaigeuza mbele na nyuma, anataja bei katika sekunde za mwanzo, anasema saizi zilizopo kuanzia 52 hadi 60, na kitufe ni cha WhatsApp. Moja lina mapicha ya wateja waliokwisha pokea mizigo.

Kutokana na hapo anaweza kusema kitu chenye maana. Anayenunua abaya bila kuishika anataka kuona kitambaa kinavyoanguka, anataka kujua kama urefu wake upo, na hataki kuuliza bei. Hilo la mwisho linawauma wauzaji wa Pwani wanaopenda kujibu "njoo inboksi". Kwa hesabu ya daftari hili, bei iliyosemwa waziwazi ndiyo imeishi.

Asiichukue kama sheria, lakini. Matangazo matano ya duka moja ni ya duka moja. Afanye vivyo hivyo kwa maduka mengine mawili au matatu, na ayaache makampuni makubwa. Kampuni ya simu au benki inaweza kuendesha tangazo miezi sita ili jina lisisahaulike tu, bila kujali nani amenunua leo. Muda wa tangazo lake hauna somo kwa mwenye duka la chumba kimoja. Mshindani wa kumtazama ni yule ambaye tangazo lisipouza wiki hii, kodi ya nyumba inamtafuta.

Baada ya umbo la tangazo inakuja ofa, na hapa ndipo nimeona watu wakiumia. Tuseme ofa ya yale matatu ya Februari ni abaya mbili kwa shilingi 3,500, usafiri bure. Imekaa siku 82, kwa hivyo inafanya kazi. Inafanya kazi kwa nani? Dada wetu hununua abaya kwa jumla Eastleigh kwa shilingi 1,400. Mbili ni 2,800. Mzigo kutoka Nairobi kwa basi, ukigawanywa kwa kila pea, ni kama 100. Bodaboda wa kumpelekea mteja, 200. Zimebaki shilingi 400. Akilipia tangazo shilingi 200 kwa siku kwa wiki moja ametoa 1,400, na likimletea oda tano, kila oda imebeba 280 za tangazo. Faida yake ni shilingi 120 kwa abaya mbili, kabla ya mfuko na makato ya M-Pesa. Abaya moja ikirudishwa kwa kuwa saizi haikukaa, amefanya kazi ya wiki bila malipo. Yule wa Nairobi pengine anaagiza mamia kwa mpigo na kila moja inamfikia kwa bei ya chini sana. Maktaba imekuonyesha bei yake. Gharama yake haikukuonyesha, na haitakuonyesha.

Basi asome ofa kwa namna nyingine, atafute kisichoahidiwa. Akipitia maduka yote aliyoandika, ataona mengi yanasema usafiri wa bure ni ndani ya Nairobi, na wa Mombasa alipe kwanza kisha asubiri mzigo wa basi. Hakuna anayesema "tunakuletea leo, jaribu, ukipenda ulipe". Hawawezi, wako mbali. Yeye yuko Mtopanga. Mteja wa Bamburi au Bombolulu anafikiwa na boda kabla ya adhuhuri, na wa Likoni anavuka feri bure kwa miguu akakutana naye upande wa kisiwani. Ofa hiyo haihitaji kushusha bei hata shilingi moja, na inagusa hofu kubwa ya mnunuzi wa mitandaoni, ya kutuma pesa na kuzuiwa namba. Aiweke bei yake ya 2,200 palepale, aige ile video ya mkononi, na ahadi iwe yake.

Kuna kundi jingine hapa kwetu ambalo lina dirisha pana zaidi bila kujua. Ni wale wa Likoni na kusini wanaouza safari, nyumba za kukodi na matembezi ya baharini kwa wageni wa Diani. Mshindani wao anatangaza kwa Wajerumani na Waitaliano, na Umoja wa Ulaya una sheria ya huduma za kidijitali, iliyoanza kuyabana majukwaa makubwa Agosti 2023, inayolazimisha tangazo lolote lililoonyeshwa huko libaki hadharani mwaka mmoja baada ya kuonyeshwa mara ya mwisho. Kwa hivyo ukiandika Diani au "Kenia Safari" huku umechagua Ujerumani badala ya Kenya, unaona pia yaliyozimwa. Unaona lilipoanza na lilipokoma. Ukibonyeza "See ad details" unapata idadi ya watu waliofikiwa Ulaya, umri wao, na kama ni wanaume au wanawake. Hapo si kukisia tena. Tangazo la matembezi ya pomboo ya Wasini lililofikia watu mia tatu tu kisha likazimwa, na jingine lililofikia laki moja kwa miezi mitano, ni vitu viwili tofauti, na tofauti unaisoma kwa namba. Angalia hasa miezi waliyoanza. Mgeni wa Desemba hakati tiketi Desemba, na tarehe hizo zitakuonyesha wenzako wameanza kumtafuta lini.

Google nayo ina ya kwake tangu Machi 2023, adstransparency.google.com, ambayo ni nzuri kwa shule, hospitali na hoteli, watu wanaotafutwa kwa kuandikwa jina. Yenyewe hukuonyesha tarehe tangazo lilipoonekana mara ya mwisho. TikTok ina maktaba, lakini imejengwa kwa ajili ya nchi za Ulaya, na kwa muuzaji wa Changamwe anayemsaka mteja wa Miritini haina msaada.

Neno kuhusu kuiga. Kuiga namna ya kupiga video hakuna anayekukataza. Kuchukua picha yenyewe ya mtu, ukafuta jina la duka lake na kuweka namba yako, ni wizi wa kazi ya mtu kisheria. Na ikiwa ndani yake kuna sura ya mteja au mwanamitindo, umeingia kwenye sheria nyingine, ile ya kulinda data ya mwaka 2019. Septemba 2023 Kamishna wa Data alitoza kilabu kimoja cha Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mitandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Mpige dada yako picha, akikubali, au uionyeshe abaya kwenye hanga.

Na ukianza kutangaza, jua kwamba ndani ya saa 24 tangu mtu wa kwanza aone tangazo lako, nawe umo maktabani pamoja na tarehe yako. Wapo wauzaji wajanja wanaolijua hilo. Tangazo lao likifika mwezi wa pili wanalinakili upya na kuzima la kwanza, ili "Started running on" isome wiki hii. Ukiwa na daftari utawajua, kwa sababu video ileile uliyoiandika Machi itakuwa mbele yako Mei ikiwa na namba mpya na tarehe mpya. Mwenye kuingia mara moja atadhani ni jaribio la juzi na ataipita.